Bei ya hatifungani riba ya soko inapopanda: swali moja, hatua kwa hatua

Watahiniwa wengi ninaowafundisha jioni hapa Tanga wameikariri kanuni: riba ya soko ikipanda, bei ya hatifungani inashuka. Swali likiongeza maneno mawili tu, "eleza sababu", majibu yanaanza kuzunguka. Wakati sababu yenyewe imo ndani ya hesabu, na ukiiona mara moja huhitaji tena kuikariri.

Anza na kinachobadilika na kisichobadilika. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya hapa kwetu, Tanga UWASA, iliuza hatifungani ya kijani ya Sh bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa kuponi ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Hiyo 13.5 imeshafungwa. Riba za hatifungani mpya zikipanda kesho, aliyenunua ya Tanga UWASA haongezewi hata senti, zikishuka, hapunguziwi. Kwa hiyo soko likisogea, kitu pekee kinachoweza kusogea nalo ni bei ambayo mtu mwingine atakubali kulipa ili aichukue mikononi mwako.

Kwa mazoezi tutumie tarakimu nyepesi. Mfanyabiashara wa Ngamiani ana hatifungani yenye thamani ya uso Sh 1,000,000 na kuponi ya asilimia 12, inayolipwa mara moja kwa mwaka. Imebaki miaka 3 iive. Leo hatifungani mpya za muda na hatari kama hiyo zinatoa asilimia 15. Anataka kuuza. Atapata shilingi ngapi?

Hatua ya kwanza: andika fedha zitakazoingia. Mwaka wa 1 ni Sh 120,000, mwaka wa 2 ni Sh 120,000, na mwaka wa 3 ni Sh 1,120,000, yaani kuponi ya mwisho pamoja na mtaji unaorudishwa. Chora mstari wa muda hata kama swali halikuombi, maana anayesahau mtaji ataishia na Sh 273,987. Jibu dogo kiasi hicho likushtue kabla halijamshtua msahihishaji.

Hatua ya pili: rudisha kila kiasi kwenye thamani ya sasa kwa riba ya soko. Kuponi inakwambia fedha ni kiasi gani. Riba ya soko inakwambia fedha hizo zina thamani gani leo. Kanuni ni hii, ambapo `C` ni kuponi kwa shilingi, `F` thamani ya uso, `r` riba ya soko na `n` idadi ya vipindi:

```
P = C/(1+r) + C/(1+r)^2 + ... + (C+F)/(1+r)^n

120,000 / 1.15        = 104,347.83
120,000 / 1.15^2      =  90,737.24
1,120,000 / 1.15^3    = 736,418.18
P                     = 931,503.25
```

Bei ni Sh 931,503.25. Ukipata Sh 1,000,000 kamili, umefanya moja ya makosa mawili: ama umetumia asilimia 12 pote, ama umeipandisha kuponi iwe 15 pamoja na soko. Yote mawili yanakurudisha kwenye thamani ya uso, kwa sababu hatifungani huuzwa kwa thamani hiyo pale tu kuponi na riba ya soko vinapolingana.

Hatua ya tatu: jibu "kwa nini". Hapa ndipo alama zinapopotea, basi tukae kidogo.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Mwalimu, si bado inalipa laki na ishirini ileile? Kwa nini mtu atake kupunguziwa?" Ni swali la haki. Mjibu kwa kumtazama mnunuzi. Mnunuzi ana milioni yake mkononi. Akienda kwenye hatifungani mpya atapata Sh 150,000 kila mwaka. Hii ya Ngamiani inampa Sh 120,000. Kwa kila mwaka anapungukiwa Sh 30,000, kwa miaka mitatu. Hawezi kuidai hiyo tofauti kwa aliyeitoa hatifungani, basi anaidai kwa muuzaji, na anaidai leo, kwa kushusha bei.

Anadai kiasi gani? Si Sh 90,000, kwa kuwa upungufu huo haumpati wote leo. Anadai thamani ya sasa ya Sh 30,000 za miaka mitatu kwa asilimia 15:

```
30,000/1.15 + 30,000/1.15^2 + 30,000/1.15^3 = 68,496.75
1,000,000 - 68,496.75 = 931,503.25
```

Ni bei ileile, hadi senti. Binafsi njia hii naipenda kuliko ile ndefu, kwa sababu inakokotoa na kueleza kwa pamoja, na kwenye mtihani inakuhakikishia jibu bila kurudia kazi yote. Riba ikishuka hadi asilimia 10 inafanya kazi kwa upande wa pili: hatifungani inalipa Sh 20,000 zaidi ya mpya kila mwaka, muuzaji anadai nyongeza, bei inafika Sh 1,049,737.04.

Kama bado una shaka kwamba mnunuzi amepata asilimia 15 kamili, mfuatilie. Ametoa Sh 931,503.25. Baada ya mwaka mmoja kwa asilimia 15 anastahili kuwa na Sh 1,071,228.74, anapokea kuponi ya 120,000, zinabaki 951,228.74. Mwaka wa pili zinakuwa 1,093,913.05, toa 120,000, zinabaki 973,913.05. Mwaka wa tatu zinafika 1,120,000, ambazo ndizo anazolipwa hatifungani inapoiva. Kuponi ndogo na kupanda kwa bei vimeshirikiana kumpa asilimia 15.

Hesabu hiyo inaonyesha jambo jingine ambalo maswali ya nadharia hulipenda. Soko likibaki kwenye asilimia 15, bei inapanda yenyewe kuelekea thamani ya uso kadiri siku ya kuiva inavyokaribia. Yule wa Ngamiani akiamua kutouza, na mkopaji akalipa kama alivyoahidi, atapokea kuponi zake zote na milioni yake. Hasara aliyoipata ni ya kukaa na asilimia 12 wakati wenzake wanachukua 15.

Hatua ya nne: angalia muda. Hatifungani hiyohiyo ingebakiwa na miaka 10, upungufu wa Sh 30,000 ungejirudia mara kumi, na bei ingekuwa Sh 849,436.94. Ya miaka 3 imeshuka kwa karibu asilimia 7, ya miaka 10 kwa karibu asilimia 15, ingawa riba imepanda sawasawa. Ukiulizwa ipi ina hatari kubwa zaidi ya riba, hesabu miaka ya upungufu.

Hatua ya tano: malipo ya nusu mwaka. Hatifungani za serikali zinazouzwa na Benki Kuu hulipa kuponi mara mbili kwa mwaka, na watunga mitihani wanalijua hilo. Gawa kuponi kwa mbili, gawa riba ya soko kwa mbili, zidisha miaka kwa mbili. Kwa swali letu ni Sh 60,000, asilimia 7.5 na vipindi 6, na bei ni Sh 929,592.31. Wengi hushangaa kuona imeshuka chini ya ile ya malipo ya mwaka, wakidhani fedha zinazokuja mapema zingeipandisha. Lakini asilimia 7.5 mara mbili ni sawa na asilimia 15.56 kwa mwaka, kwa hiyo riba ya soko nayo imekuwa nzito zaidi. Ukipata namba iliyo juu ya 931,503 kwenye sehemu hii, rudi kwenye `r`: yaelekea umegawa kuponi ukaiacha riba ya soko kwa mwaka mzima kwa kutumia vipeo vya 0.5, 1, 1.5 na kuendelea hadi 3.