Mambo ya kuzingatia kabla ya kupokea funguo za nyumba yenye fanicha Zanzibar

Ugomvi wa amana hupikwa siku ya kuingia. Mwenye nyumba au dalali anatoa karatasi iliyoandikwa "kitanda 2, makochi seti 1, friji 1, kabati 3, vyote vizima", na mpangaji anatia saini huku mizigo yake ingali garini. Siku ya kuhama vitu vyote vipo, lakini kochi limebanduka, kabati limevimba na friji haipozi. Hapo ndipo watu wanapogundua kwamba karatasi ile ilihesabu vitu tu, na neno "vizima" limemfunga mpangaji peke yake.

Yaliyo wazi tuyapitie haraka. Hesabu mwenyewe chumba kwa chumba, usikubali kusomewa orodha sebuleni. Washa kila taa, kila feni, kila kiyoyozi. Nyanyua godoro uangalie mishono. Ukiona vidoadoa vyeusi ni dalili ya kunguni, na godoro hilo usilipokee. Andika namba ya mita ya umeme ya TUKUZA na yuniti zilizobaki. Tikisa mtungi wa gesi, kisha andika kama umejaa, nusu au mtupu. Piga picha za kila kitu na umtumie mwenye nyumba kwa WhatsApp siku hiyo hiyo, ili tarehe ibaki kwenye simu zote mbili.

Kinachohitaji muda ni safu tatu ambazo orodha nyingi hazina: hali ya kitu, mwaka kilionunuliwa, na bei yake. Usiandike "kochi 1". Andika "kochi la watu watatu, ngozi ya bandia ya kahawia, limeanza kubanduka sehemu ya kuegemeza mkono wa kulia, mto wa kati umebonyea, limenunuliwa 2021". Bei iulizwe siku hiyo, wakati nyote wawili mnacheka. Ukisubiri mpaka kitu kivunjike, kabati la laki mbili litakuwa limegeuka la laki tano. Mwenye nyumba akisema hakumbuki, kubalianeni makisio na muyaandike hivyo hivyo.

Safu ya hali ina uzito wa pekee kwetu kwa sababu ya hewa ya visiwani. Ngozi ya bandia ni kitambaa kilichopakwa tabaka jembamba la plastiki. Unyevu na joto huidhoofisha plastiki hiyo taratibu, hata ikabanduka vipande vipande kama magamba. Kochi linaweza kubanduka ndani ya chumba kilichofungwa bila mtu kulikalia. Makabati ya dukani yaliyotengenezwa kwa unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi nayo hunyonya maji, yakavimba, na yakishavimba hayarudi. Nyumba za ufukweni, Paje, Jambiani au Nungwi, zina chumvi hewani inayokula miguu ya vitanda vya chuma, bawaba za milango na mashine ya nje ya kiyoyozi. Na ukuta wenye mchwa humaliza mgongo wa kabati huku mbele linang'aa.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza nani alipe, tazama alama ilivyokaa. Ngozi iliyochakaa kwa hewa hubanduka sehemu nyingi kwa pamoja, hata mgongoni na pembeni ambapo hakuna anayekaa. Iliyoharibiwa na mtu ina mchano mmoja wenye kingo safi, au duara la kuungua. Kabati lililovimba sentimita chache za chini tu limelowa maji ya kupigia deki au ya bomba lililovuja jikoni. Lililovimba mgongoni mpaka juu, na ukuta wa nyuma yake una ukungu, limelowa kutokana na ukuta, na ukuta ni wa mwenye nyumba. Mchwa huacha vijia vya udongo ukutani. Vikiwepo siku ya kuingia, vipigwe picha. Sogeza makabati siku ile. Ni kazi ya nusu saa.

Kanuni ya haki ni nyepesi kueleza: uchakavu wa kawaida na kazi ya hewa ni juu ya mwenye nyumba, uharibifu na upotevu ni juu ya mpangaji, na mpangaji akilipa hulipa thamani iliyobaki, si bei ya kitu kipya. Lakini kanuni isiyoandikwa kwenye mkataba haimsaidii mtu, kwa hiyo iandikwe kwa maneno hayo hayo, pamoja na umri ambao mmekubaliana kila kitu kitadumu.

Tuchukue mfano wa nyumba ya vyumba viwili Kiembesamaki, amana shilingi 800,000. Mpangaji amekaa miaka 2. Siku ya kuhama mwenye nyumba, mama wa makamo, anaonyesha seti ya makochi aliyoinunua kwa 1,200,000: mgongo umebanduka, na mto mmoja una alama ya pasi. "Mwanangu, nilikukabidhi makochi mazima, nataka makochi mazima." Kiti kimoja cha meza ya kulia hakionekani pia. Anataka kubaki na amana yote na kuongezewa laki nne kwa makochi tu. Kwa orodha ya "makochi seti 1, mazima", mpangaji hana la kumjibu mama yule. Akienda kwa sheha, sheha ataombwa kuamua kati ya kumbukumbu mbili.

Sasa iweke orodha iliyoandikwa vizuri. Inasema makochi yalikuwa na miaka 3 mpangaji alipoingia, mgongo ulikuwa umeanza kubanduka, na walikubaliana seti itadumu miaka 6. Thamani inashuka 200,000 kila mwaka. Siku ya kuhama seti ina miaka 5, kwa hiyo iliyobaki ni 200,000 kwa seti nzima. Mgongo uliobanduka unaondoka kwenye hesabu, ni hewa. Mto wenye alama ya pasi ni wa mpangaji. Fundi wa makochi anataka 70,000 kuuvisha upya, pamoja na bei ya kitambaa. Kipimo kiwe hiki: kati ya gharama ya matengenezo na thamani iliyobaki, mpangaji hulipa iliyo ndogo. Hapa ni 70,000. Lau fundi angetaka 300,000, mpangaji angeishia kwenye 200,000.

Kiti kilichopotea hakina ubishi, ni cha mpangaji. Lakini alipie kiti kimoja, asidaiwe seti. Kama ni kiti cha mninga kilichochongwa kwa 90,000, mbao ngumu mliipa umri wa miaka 15, na sasa kina miaka 5, kimebakiwa na 60,000. Jumla ni 130,000, na mpangaji anarudishiwa 670,000. Pia anaweza kumchongesha seremala kiti kinachofanana na kukirudisha, ikiwa mkataba unaruhusu kulipa kitu kwa kitu. Mimi ningependelea hivyo kwa viti, vikombe na sahani, maana huondoa mabishano ya bei. Kwa nyumba za Pemba andikeni kama bei ya kitu imeingiza usafiri, kwa sababu kitu kikilazimika kuagizwa kutoka Unguja, nauli ya mzigo inaweza kuleta ugomvi wake wenyewe.

Friji na viyoyozi vinataka kifungu chao peke yao. Umeme unapokatika na kurudi papo hapo, kompresa hujaribu kuanza kazi wakati presha ya gesi ndani ya mabomba haijatulia, hukwama, hupata joto na mwishowe huungua. Kifaa cha kulinda friji, kile cha kuchomeka ukutani, huchelewesha umeme kwa dakika chache na kuukata ukishuka au kupanda mno. Mwenye nyumba anayekabidhi friji bila kifaa hicho abebe mwenyewe hatari ya umeme. Mpangaji aliyekikuta na akakichomoa ili apate tundu la kuchaji simu, abebe yeye. Liandikwe hilo: "friji imekabidhiwa pamoja na kilinda umeme, kinafanya kazi". Na ikiharibika, fundi aandike kwenye risiti kilichoharibika na sababu yake. Gesi iliyovuja kwa kutu ya bomba si sawa na gesi iliyovuja kwa sababu mtu alitoboa bomba akibandua barafu kwa kisu. Tundu la kisu huwa ndani ya sehemu ya barafu na huonekana kwa macho.

Viyoyozi vihudumiwe mara ngapi na kwa fedha ya nani? Vumbi likiziba chujio, hewa haipiti na maji huanza kudondoka ndani, yakaharibu kitanda au kabati lililo chini. Desturi nzuri ni mpangaji kuosha chujio kila mwezi, na mwenye nyumba kulipia fundi wa usafi kamili na gesi. Bila maandishi, kila mmoja atadhani ni kazi ya mwenzake.

Kitu kikiharibika katikati ya mkataba, toa taarifa kwa maandishi siku hiyo au kesho yake, na picha. Anayenyamaza juu ya bomba linalovuja chini ya sinki mpaka kabati likaoza anajibebesha gharama ya kabati, hata kama bomba halikuwa lake. Usimwite fundi wako na kukata gharama kwenye kodi bila idhini iliyoandikwa. Wala usitupe kitu kibovu cha mwenye nyumba, hata godoro lililochanika. Kisichoonekana siku ya kuhama kitahesabiwa kuwa kimepotea.

Ukaguzi wa kuhama ufanywe mchana, nyote wawili mkiwepo, nyumba imeshasafishwa na mizigo yako imetoka lakini funguo bado ziko mkononi mwako. Orodha ile ile ya kwanza ipitiwe mstari kwa mstari, makato yaandikwe pembeni na jumla isainiwe pale pale. Mkataba utaje siku za kurudisha amana, tuseme 14, na utaje kwamba kila kato litaambatana na risiti ya fundi au ya duka. Nakala ziwe mbili, kila ukurasa uwe na saini zote, na shahidi mmoja wa kila upande. Kama nyumba inasimamiwa na ndugu au dalali kwa niaba ya mwenyewe aliye Dubai au Maskati, omba barua inayompa mamlaka ya kupokea na kurudisha amana, maana wapo wanaopokea tu. Funguo nazo zihesabiwe, pamoja na za makabati na geti. Mapazia yatolewe yakakaguliwe kwenye mwanga. Mazulia yakunjuliwe yote, na stoo ifunguliwe hata ukiambiwa haina kitu.