Kabla hujatuma picha: hakikisha haitaji unapokaa

Faili la picha linalotoka kwenye simu halina sura za watu na vitu tu. Mwanzoni mwa faili kamera huandika taarifa zinazoitwa Exif: tarehe na saa hadi sekunde, kampuni na modeli ya simu, lenzi iliyotumika na, kama huduma ya mahali imewashwa, viwianishi, yaani namba za ramani za pale mpigaji aliposimama. Aliyepiga picha kileleni Uhuru Peak atakuta faili lake limeandikwa nyuzi 3 dakika 4 sekunde 33 kusini, nyuzi 37 dakika 21 sekunde 12 mashariki. Huku kwetu karibu na ikweta sekunde moja ya namna hiyo ni kama mita 31, na simu huandika hadi vipande vya sekunde. Kwa hiyo usifikirie kwamba picha inataja mtaa. Inataja nyumba.

Anza na kamera. Kwenye iPhone fungua Settings, kisha Privacy & Security, Location Services, Camera, uchague Never. Kwenye Samsung ingia mipangilio ya kamera yenyewe uzime Location tags. Kwenye Pixel inaitwa Save location. Simu nyingine zina majina yao, lakini karibu zote huweka kitufe hicho ndani ya mipangilio ya kamera, na neno la kutafuta ni Location. Kumbuka kwamba hii inazuia picha zijazo tu. Picha elfu tatu zilizoko tayari kwenye simu zimebaki na viwianishi vyake kama zilivyopigwa.

Sasa njia ya kutuma, na hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Wengi wameshasikia kwamba WhatsApp inafuta taarifa za picha, wakaridhika. Ni kweli nusu. Ukituma picha kwa njia ya kawaida, yaani kwa kuichagua kwenye matunzio, WhatsApp huibana na kutengeneza faili jipya, na hilo jipya halina viwianishi wala jina la simu. Ukituma picha hiyohiyo kwa kubonyeza Document, WhatsApp haigusi kitu: mpokeaji anapata faili lako halisi, baiti kwa baiti, na kila kilichoandikwa ndani. Programu ni ileile, mtumaji ni yuleyule, picha ni ileile, na matokeo ni tofauti kabisa.

Tuchukue mama anayeuza friji. Amepiga picha tatu jikoni kwake Tegeta na kuzirusha kwenye kundi la mauzo kwa njia ya kawaida. Hadi hapo hajataja anapokaa, na kwa busara amepanga kukutana na mnunuzi sheli ya barabara kuu. Mmoja anamwandikia pembeni: "Dada, picha imefifia, nitumie kama document nione mikwaruzo ya mlango." Ombi la kawaida kabisa, watu huombana hivyo kila siku ili ubora usipungue. Anatuma. Yule mtu anapakua faili, analifungua kwenye programu ya picha ya simu yake, anavuta juu, na ramani inatokea ikiwa na alama juu ya paa la nyumba. Chini yake kuna siku na saa ya kila picha, kwa hiyo anajua pia ni muda gani mwenye nyumba huwa jikoni. Mpango wa sheli umekwisha maana.

Mnunuzi akitaka picha safi, tumia kitufe cha HD unapotuma kama picha. Ubora unapanda, na WhatsApp bado inatengeneza faili upya. Kama hata hiyo haitoshi, basi safisha faili kwanza ndipo ulitume kama Document.

Telegram ina mtego uleule kwa jina jingine. Picha ya kawaida husafishwa, lakini ukichagua File, au kwenye kompyuta ukiondoa alama ya kubana picha, linakwenda faili halisi. Signal huondoa taarifa hizi kwenye picha inazotuma. Facebook, Instagram na X huziondoa kwenye nakala wanayoiona wengine, ila kampuni zenyewe zimepokea faili lako likiwa kamili kabla ya kulisafisha, na hilo huna namna ya kulirudisha. Upande wa pili ni njia ambazo hazisafishi chochote: kiambatisho cha barua pepe, Bluetooth, Quick Share, AirDrop usipozima mahali, folda ya zip, kiungo cha Google Drive au Dropbox. Tovuti unayoiendesha mwenyewe nayo huchapisha ulichokipakia, isipokuwa kama imewekewa programu ya kusafisha.

Hiyo ya tovuti ndiyo iliyomfichua John McAfee, yule wa programu za kuzuia virusi. Mwishoni mwa 2012 alikuwa ametoroka Belize, ambako polisi walitaka kumhoji kuhusu mauaji ya jirani yake. Mapema Desemba waandishi wa jarida la Vice waliokuwa wakisafiri naye walichapisha picha yake mtandaoni, wakijigamba kwamba wako naye huku dunia nzima inamtafuta. Picha ilipigwa kwa iPhone 4S na ilipakiwa kama ilivyo. Wasomaji waliipakua, wakafungua Exif, wakakuta viwianishi vya Río Dulce, nchini Guatemala. Jarida likabadilisha faili, lakini nakala zilikuwa zimeshasambaa. McAfee mwenyewe alijaribu kudai kwamba aliziandika namba hizo kwa makusudi ili kupoteza watu, kisha akakiri kuwa kweli yuko Guatemala. Siku chache baada ya picha kutoka alikuwa mikononi mwa polisi. Tazama kilichokosekana: wote pale walikuwa watu wa teknolojia na habari, na hakuna aliyefungua faili kabla ya kulipandisha.

Kusafisha hakuchukui hata dakika. Kwenye iPhone, chagua picha, bonyeza kitufe cha kushiriki, kisha Options iliyo juu karibu na idadi ya picha, na uzime Location. Angalia pia All Photos Data, iache imezimwa. Lakini hapo umeondoa mahali tu. Modeli ya simu na saa vinaweza kubaki. Kwenye Android, programu ya bure ya Scrambled Exif inafaa kwa sababu haikulazimishi kubadili mazoea: unashiriki picha kwayo kana kwamba unamtumia mtu, yenyewe inasafisha nakala na kukufungulia tena orodha ya kushiriki, hapo ndipo unachagua mtu halisi. Picha ya awali haiguswi. Kwenye Windows bonyeza faili kwa kitufe cha kulia, Properties, Details, kisha Remove Properties and Personal Information, na uchague ile ya kutengeneza nakala. Hufuta mengi, si yote, hivyo kagua baadaye.

Mwenye picha nyingi, au mwenye sababu nzito ya kujificha, atumie ExifTool kwenye kompyuta, programu inayoendeshwa kwa kuandika amri. Kwanza tazama kilichomo:

```
exiftool -a -G1 -s friji.jpg
```

Kisha futa:

```
exiftool -all= -tagsfromfile @ -orientation friji.jpg
```

Sehemu ya orientation si mapambo. Simu nyingi hazigeuzi picha yenyewe. Huandika tu ndani ya Exif kwamba igeuzwe wakati wa kuonyeshwa. Ukifuta kila kitu, picha uliyopiga kwa kusimamisha simu inaweza kujitokeza imelala ubavu, na watu wakiona hivyo huamua kutuma ile ya zamani "iliyo sawa". Jambo jingine: ExifTool huacha nakala ya awali pembeni kwa jina la friji.jpg_original. Ukiibana folda nzima kuwa zip bila kuangalia, umetuma picha safi pamoja na chafu yake. Ifute, au ongeza -overwrite_original kwenye amri.

Kagua nakala ile itakayotoka, usikague ya kwenye matunzio yako. Njia rahisi ni kujitumia mwenyewe kwenye WhatsApp kwa njia utakayoitumia kweli, kupakua kilichofika, na kukisoma kwa ExifTool. Usitegemee ramani ya Google Photos peke yake. Programu hiyo inaweza kukadiria mahali pa picha isiyo na viwianishi kabisa, kwa hiyo unaweza kuona ramani juu ya faili safi na kudhani kazi imeharibika. Kama imeandikwa kuwa ni makadirio, hayatoki ndani ya faili.

Kukata picha si kusafisha. Programu nyingi za kuhariri hunakili Exif nzima kwenye faili jipya, na baadhi huacha kile kipicha kidogo cha utangulizi kilichofichwa ndani kikiwa bado kinaonyesha picha kabla ya kukatwa. Uso ulioukata unaweza kuwa bado upo humo, mdogo lakini unatambulika. Skrinshoti ya picha ni njia ya haraka inayofaa ukiwa njiani: haina viwianishi wala kipicha cha zamani, ubora tu ndio unaoshuka.

Wanaotumia kamera kubwa waangalie namba ya kiwandani ya kamera, ambayo mara nyingi huandikwa ndani ya faili pamoja na ya lenzi. Picha isiyo na jina lako na picha ya harusi uliyoiweka Flickr kwa jina lako zikiwa na namba moja, mwenye nia ataunganisha mwenyewe.

Video nazo hubeba mahali, na programu nyingi za kusafisha picha haziwezi kuzigusa. Live Photo ya iPhone ni picha pamoja na kipande cha video, kwa hiyo ukituma vyote viwili, safisha vyote viwili. Jina la faili pia husema: IMG-20240315-WA0007.jpg limeshataja siku hata kama ndani ni patupu, basi libadili. Na ukimaliza na yaliyofichwa, itazame picha kwa macho: kibao cha namba ya nyumba ukutani, namba ya mita ya LUKU nyuma ya mlango, risiti mezani, sare ya shule ya mtoto, bango la duka linaloonekana dirishani. Hivyo haviondolewi na programu yoyote katika hizi.