Kabla hujamtumia barua pepe msambazaji wa China: bei kwanza, malipo baadaye

Jua modeli, rangi na idadi unayotaka. Hilo halina mjadala.

Uliza oda ya chini kabisa ni ngapi: 起订量是多少? Uliza pia kama bei ina kodi: 单价含税吗? Bei isiyo na kodi huwa tamu mpaka siku utakapodai ankara rasmi.

Ukiomba kupunguziwa, taja idadi na bei unayoitaka, tena kwa neno la heshima 优惠: 如果订2000个,单价能优惠到4.5元吗? Yaani nikichukua vipande 2,000, bei inaweza kushuka hadi yuan 4.5? Akijibu 打九折, usishangilie kwamba kakupunguzia asilimia 90. Hiyo tisa ni sehemu unayolipa, tisa ya kumi. Yuan 5 imekuwa 4.5.

Sasa malipo, na hapa soma polepole. Jirani yangu wa duka Kariakoo aliagiza kava za simu 2,000 kwa bei hiyohiyo, jumla yuan 9,000, akatanguliza asilimia 30, yaani yuan 2,700. Kiwanda kikamuuzia mzigo mteja mwingine. Dada wa watu alikuwa amesikia kwamba muuzaji wa China akivunja mkataba hurudisha arubuni mara mbili, na ni kweli, Kanuni ya Madai ya China iliyoanza kutumika 2021 inasema hivyo. Lakini ankara yake iliandikwa 订金, si 定金. Yote mawili husomwa dingjin, kwa hiyo kwenye simu huwezi kuyatofautisha. Tazama herufi ya kwanza: yenye kipaa juu ndiyo arubuni, ile nyingine ni malipo ya awali tu. Akarudishiwa 2,700 zake, basi.

Ingekuwa 定金, sheria inatambua arubuni isiyozidi asilimia 20 ya thamani ya mkataba, hapa yuan 1,800. Angedai 3,600, na zile 900 zilizozidi zingerudi kama zilivyo, jumla 4,500. Ila ukighairi wewe, 1,800 zinabaki kwao. Na hayo yote ni pale mkataba unapofuata sheria ya China.

Basi uliza kwa maandishi kama asilimia 30 unayotanguliza ni arubuni au malipo ya awali tu: 预付的30%是定金还是订金? Kisha salio: 尾款什么时候付? Wengi watataka kabla ya kusafirisha, 发货前. Wewe omba kulipa ukishaona nakala ya hati ya shehena, 见提单副本付款. Mteja mpya hukataliwa mara nyingi, lakini kuomba hakukugharimu kitu.

Mwisho, uliza kama akaunti ya kupokea malipo ni ya kampuni: 收款账户是公司账户吗? Jina la akaunti lifanane na la kampuni iliyo kwenye mkataba, si la mtu binafsi. Ukitumiwa akaunti mpya katikati ya safari, usilipe. Piga kwanza ile namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, si iliyoandikwa kwenye barua hiyo mpya. Na muhuri mwekundu wa kampuni nao ukague, na tarehe ya kukabidhi mzigo, na nani analipia usafiri hadi bandarini…