Jinsi ya kuandikisha udhamini wa familia kwa ajili ya mtoto mwenye ulemavu

Mwanetu ana miaka 11 na ana mtindio wa ubongo. Tunaishi Nkuhungu, Dodoma. Swali lililotunyima usingizi ni moja: tukishaondoka sisi, nani atamnunulia nepi na dawa za kifafa? Wosia peke yake haukututosha. Ukimwachia mali mtoto asiyeweza kuisimamia, atakayeishika huenda akawa ndugu, kwa jina la ndugu huyo, na mara nyingi hakuna wa kumuuliza. Ndiyo maana tukaamua kuandikisha udhamini, yaani mali ishikwe na wadhamini kwa ajili ya mtoto, si kwa faida yao.

Kabla ya kwenda kwa wakili, piga hesabu ya mwezi mmoja. Kwetu nepi, dawa, nauli ya mazoezi ya viungo na mshahara wa dada anayemwangalia vilifika shilingi 210,000. Vyumba viwili vya kupangisha vinaingiza 160,000. Pengo la 50,000 tumelijaza kwa akiba tuliyoiweka katika hatifungani za serikali, ambazo hulipa riba mara mbili kwa mwaka. Bila hesabu hiyo utaandika hati nzuri juu ya mali isiyotosha.

Kisha wakili aandae hati ya udhamini. Humo yatajwe mali yenyewe, mtoto anayenufaika, wadhamini, na namna ya kumwondoa mdhamini na kumweka mwingine. Sisi tuliweka watatu: shangazi yake, rafiki wa familia ambaye ni mhasibu, na mchungaji wetu. Anayeishi na mtoto hatukumpa ufunguo wa fedha. Shangazi atakaa naye, lakini benki wanasaini wale wawili wengine kwa pamoja.

Kifungu kimoja msikipite haraka: mali iliyobaki siku mtoto atakapofariki iende kwa nani? Rasimu yetu ya kwanza ilisema iende kwa watoto wa shangazi. Wakili aliweka kalamu chini akatuuliza, "Mnataka mdhamini afaidike mtoto akifa mapema?" Tulinyamaza. Tukabadilisha, ikaandikwa kwamba iende kwa wadogo zake.

Hati ikishasainiwa, wadhamini wanaomba kusajiliwa RITA, chini ya Sheria ya Usajili wa Wadhamini, Sura ya 318. Sheria hiyo inawatambua hata watu waliounganishwa na undugu, si makanisa, misikiti na vyama tu. Andaa fomu ya maombi, hati ya udhamini, muhtasari wa kikao kilichowateua wadhamini, na wasifu, picha na nakala ya kitambulisho cha kila mmoja. Ada inalipwa kwa kumbukumbu namba, kamwe si mkononi mwa mtu. Hakikisha majina kwenye hati yanafanana herufi kwa herufi na ya NIDA. Yetu yalitofautiana kwa herufi moja tukarudishwa, wiki tatu zikapotea.

Mkishapata cheti, wadhamini wanakuwa chombo kimoja kisheria: kinaweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake. Hapo ndipo wengi huishia, na hapo ndipo udhamini hufa. Nyumba ikiendelea kusomeka jina la baba, siku akifariki itaingia kwenye mirathi na ndugu watagawana, cheti cha RITA kikiwa kabatini. Nendeni ofisi ya ardhi mkahamishe umiliki kwa jina la wadhamini waliosajiliwa. Nyumba ya familia haihamishwi bila ridhaa ya mwenzi, kwa hiyo tulisaini wote wawili. Chukueni TIN ya udhamini TRA, kisha fungueni akaunti kwa jina hilohilo. Shamba letu la zabibu liko kwenye ardhi ya kijiji, na uhamisho wake unapita kwa halmashauri ya kijiji. Tumeliacha kando kwanza ili lisicheleweshe nyumba.

Sasa wadhamini. Waeleze kabla hawajasaini, maana wengi hudhani ni heshima tu. Mali si yao, kwa hiyo hawaruhusiwi kuichanganya na fedha zao, kuikopa hata kwa wiki moja, wala kujiuzia chumba au kumpangisha ndugu yao kwa bei ya chee. Uamuzi wanaufanya wao wenyewe, hawamwachii mtu mwingine. Kila shilingi iwe na risiti, na wakisababisha hasara kwa uzembe au kwa kujinufaisha, mahakama inaweza kuwaamuru wairudishe kutoka mifukoni mwao. Mdhamini akifariki au akijiuzulu, RITA wajulishwe, na marejesho ya kila mwaka yapelekwe hukohuko.

Dalili ya kwanza ya mambo kuharibika ni daftari. Letu lina safu nne: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, kwa ajili ya nini. Safu ya mwisho ikianza kuandikwa "matumizi mengine", iteni kikao siku hiyohiyo. Nyuma ya daftari nimeandika kwa mkono wangu yasiyokaa kwenye hati: uji wake uwe mwepesi, anyweshwe akiwa ameketi wima, na usiku anaogopa giza.