Umevimbiwa baada ya sherehe: saa tatu za kwanza ndizo za kuangalia

Ndugu zangu, naanza na usiku wangu mmoja. Tulikula saa mbili, sahani mbili za vya kukaanga, vitamu vya sukari juu yake, kisha soda baridi ya kuteremshia. Saa tatu na nusu nikajitupa kitandani chali. Saa sita nikashtuka nimekaa, maji machungu yamefika kooni, kifua kinawaka. Nikakilaumu chakula, kumbe kosa ni kukilalia.

Mafuta yakifika kwenye utumbo mwembamba, homoni huliambia tumbo lipunguze mwendo, ndiyo maana mlo mzito wa kukaanga unaweza kukaa tumboni saa nne au zaidi. Mafuta hayohayo hulegeza mlango wa misuli ulio kati ya umio na tumbo, na tumbo lililojaa nalo linasukuma kutoka chini. Kwa hiyo hatutafuti dawa ya kuyeyusha mafuta. Tunaliacha tumbo limwage mzigo wake kwenda chini, wala hatulibani.

Hatua ya 1. Legeza mkanda au fungua kifungo, kisha kaa wima. Ukijikunja kwenye kiti laini unalikamua tumbo kuelekea juu.

Hatua ya 2. Tembea dakika 10 hadi 15, mwendo wa mtu anayepiga soga bila kuhema. Usikimbie wala kuinama kuinua vitu.

Hatua ya 3. Kunywa maji ya uvuguvugu kwa mafunda madogo, kikombe kimoja ndani ya nusu saa. Soda iache kabisa, kwa sababu gesi yake inapanua tumbo ambalo tayari limejaa. Kama una kichefuchefu, chemsha vipande vitatu vyembamba vya tangawizi kwenye kikombe cha maji kwa dakika 10, unywe bila sukari. Lakini kama kifua tayari kinawaka, tangawizi inaweza kuzidisha. Mnanaa pia uache hapo, maana hulegeza uleule mlango ambao mafuta yameshaulegeza.

Hatua ya 4. Hii ndiyo niliyoikosea mimi. Usilale mpaka saa tatu zipite tangu tonge la mwisho. Ukilala, lalia ubavu wa kushoto. Tumbo limepinda upande huo, kwa hiyo asidi inatulia chini ya mlango badala ya kuufunika. Kama unaweza, inua miguu ya kitanda upande wa kichwa kwa sentimita 15 kwa kuiwekea vipande vya mbao. Kurundika mito hakufai, kunamkunja mtu katikati na kulibana tumbo.

Hatua ya 5. Asubuhi usijinyime kula siku nzima. Kunywa maji, subiri njaa yenyewe ije, kisha kula kidogo kisicho na mafuta.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, kwetu tunakoroga kijiko cha magadi ya kuokea kwenye maji. Vipi?*
Usifanye hivyo tumbo likiwa limejaa pomoni, dada yangu. Magadi yakikutana na asidi hutoa gesi nyingi kwa ghafla. Ni nadra, lakini wapo waliopasuka tumbo kwa njia hiyo. Dawa ya kutuliza asidi ya dukani, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, ni salama zaidi kwa watu wengi.

*Nikijitapisha kwa kidole si ndiyo nafuu ya haraka?*
Hapana. Asidi itaunguza umio na meno, na ukizoea utajiumiza zaidi. Kutapika kukija kwenyewe, sukutua mdomo kwa maji, ila subiri kama nusu saa kabla ya kupiga mswaki.

*Baba ana kisukari. Alipima saa mbili baada ya kula, ikawa nzuri. Tumwache alale?*
Shikamoo yangu mfikishie mzee, na mpimeni tena baadaye. Mafuta huchelewesha sukari kuingia kwenye damu, hivyo inaweza kupanda saa tatu hadi tano baada ya mlo. Asijiongezee dawa kwa kukisia, afuate maelekezo aliyopewa na daktari wake.

*Mimi kila nikila vya mafuta naumwa chini ya mbavu za kulia, hadi begani. Nimefanya hatua zote.*
Huko si kuvimbiwa tu, ndugu yangu. Maumivu ya hapo yanayorudi baada ya mafuta mara nyingi ni mawe kwenye mfuko wa nyongo, na kipimo cha altrasaundi huyaonyesha. Nenda ukapimwe wiki hii. Ukipata homa, macho yakawa ya njano, au maumivu makali yakatoboa hadi mgongoni huku unatapika, usisubiri kukuche. Na yeyote anayehisi kifua kimebanwa, jasho jembamba linamtoka na mkono au taya inauma, asikiite kiungulia. Apelekwe hospitali saa hiyohiyo.