Magurudumu ya mbele yasikunje sawasawa

Kigari changu cha magurudumu manne kilikuwa kinajichimbia kila kikikata kona kwenye tope la mikoko, Bagamoyo. Magurudumu yote mawili ya mbele yalikunja nyuzi zilezile. La ndani linapita duara dogo, kwa hiyo lazima likunje zaidi, la sivyo moja linaburuzwa na kulima tope.

Changu kina sm 60 toka ekseli hadi ekseli, na sm 40 kati ya gurudumu na gurudumu. Kwa kona ya nusu kipenyo sm 120, ukipimia katikati ya ekseli ya nyuma, la ndani linataka nyuzi 31, la nje 23.

Springi nimeziacha. Ekseli ya mbele inabembea kwenye bolti moja ya katikati, hivyo gurudumu moja likipanda mzizi, matatu mengine hayainuki. Bolti hiyo ipake grisi. Maji chumvi yanaila upesi.