Kabla hujazima seva kuu kwa makusudi

Zoezi la kuhamishia huduma kwenye seva ya pili huanza kuharibika siku kadhaa kabla ya siku yenyewe, kwa sababu hakuna aliyesema linatakiwa kujibu swali gani. "Tuone kama mpango wetu unafanya kazi" si swali. Tuchukue SACCOS yenye hifadhidata ya PostgreSQL, seva kuu ikiwa Dar es Salaam, na nakala yake inayojisasisha muda wote ikiwa Dodoma. Mpango wao unasema seva kuu ikianguka, wanachama wataweza tena kuona salio na kutuma pesa ndani ya dakika 30, na miamala itakayopotea haitazidi ya dakika moja. Hapo kuna maswali mawili yanayopimika, na zoezi lijibu hayo kwanza.

Kubalianeni pia saa inaanza kuhesabiwa lini. Mafundi hupenda kuhesabu kuanzia pale wote wameshakaa mbele ya kompyuta, chai mezani. Mwanachama anayetoa pesa usiku wa manane anahesabu kuanzia muamala wake wa kwanza ulipogoma. Onyo kumfikia mtu wa zamu, yeye kuamka, kuwasha kompyuta na kumpata bosi wa kuidhinisha uhamisho: yote hayo yamo ndani ya zile dakika 30, na mara nyingi ndiyo yanayozimaliza.

Siku ya zoezi, kabla ya kugusa chochote, hakikisha nakala ya Dodoma haijabaki nyuma. Kwenye seva kuu amri hii inatosha:

```sql
SELECT application_name,
       pg_wal_lsn_diff(pg_current_wal_lsn(), replay_lsn) AS baiti_nyuma
FROM pg_stat_replication;
```

Isipoleta mstari wowote, Dodoma haijaunganishwa kabisa, na zoezi liishie hapo. Mmeshapata jibu mlilokuwa mnalitafuta. Kuna wanaopima kwa upande wa pili, kwa kuangalia `pg_last_xact_replay_timestamp()` kwenye nakala. Kipimo hicho kinadanganya wakati wa utulivu. Kama hakuna muamala ulioingia kwa dakika kumi, kitaonyesha dakika kumi ingawa hakuna kilichochelewa. Ndiyo maana ni salama zaidi kuhesabu baiti.

Jambo linalosahauliwa kuliko yote ni namna ya kuizima seva kuu. Ukiizima kwa `pg_ctl stop -m fast`, PostgreSQL haifi papo hapo. Hukata watumiaji, kisha husubiri hadi nakala zilizounganishwa zipokee kumbukumbu zote zilizosalia. Matokeo yake Dodoma itakuwa na kila kitu, na ripoti itasema hakuna muamala hata mmoja uliopotea. Ripoti hiyo ni ya kweli, ila haijibu swali, kwa kuwa umeme ukikatika ghafla au diski ikifa seva haipati nafasi ya kuaga. Kama swali lenu ni data inayopotea, kateni mtandao kati ya Dar es Salaam na Dodoma wakati miamala inaendelea kuingia, au zimeni kwa `-m immediate`, ambayo haisubiri mtu. Kwangu mimi zoezi la kwanza lifanywe kwa kuzima kistaarabu, ili watu wazoee hatua. La pili lifanywe kwa kukata, tena kwenye mazingira ya majaribio kwanza, maana hapo mnaweza kupoteza data kweli.

Kukata mtandao kuna hatari yake: seva ya Dar es Salaam bado iko hai na haijui kwamba imeshastaafishwa. Mkiipandisha Dodoma huku ya zamani ikiendelea kupokea miamala kutoka tawi lililo upande wake, mtakuwa na leja mbili zinazopingana. Hilo liliwapata GitHub tarehe 21 Oktoba 2018. Wakati wa matengenezo ya vifaa, mawasiliano na kituo chao kikuu cha mashariki mwa Marekani yalikatika kwa sekunde 43 tu. Mfumo wa kujiendesha ukahamishia hifadhidata za MySQL upande wa magharibi. Mtandao uliporudi, kila upande ulikuwa na maandishi ambayo mwenzake hakuwa nayo, na huduma iliyumba kwa saa 24 na dakika 11. Kwa hiyo kabla ya siku yenyewe, andikeni kwa amri kamili ni nini kitakachoifunga ya zamani, nani atakitekeleza, na atathibitishaje kwamba imefungika. Uthibitisho mzuri ni kujaribu kuandika muamala wa majaribio kwenye seva ya zamani na kuona unakataliwa. Ndipo `SELECT pg_promote();` iendeshwe Dodoma.

Hifadhidata ikishapanda, programu nazo lazima ziione. Kama zinaitafuta kwa jina la DNS, punguzeni muda wa jina hilo kukaa kwenye kumbukumbu, tuseme uwe sekunde 60, na mfanye hivyo siku moja kabla. Ukipunguza asubuhi ya zoezi, waliolisoma jana bado wanashikilia anwani ya zamani. Halafu muulizeni mshirika wa malipo kwa simu kama anaruhusu anwani ya IP ya Dodoma. Hapa ndipo mazoezi mengi hukwama: kila kitu cha ndani kimehama vizuri, ila pesa haitoki kwa kuwa upande wa pili wanaijua anwani ya Dar es Salaam peke yake, na kuibadilisha kunahitaji barua.

Kuhusu watu, anayeendesha zoezi asiwe aliyeandika mwongozo. Mwandishi akae pembeni kimya, na kila anapotamani kusema "hapo lazima kwanza ufanye hivi," aandike, maana hatua hiyo haimo kwenye mwongozo. Mtu mwingine aandike saa ya kila tukio. Mwongozo wenyewe na nywila visiwe kwenye mfumo unaozimwa. Facebook ilipopotea kwenye intaneti kwa takriban saa sita tarehe 4 Oktoba 2021, zana za ndani za wahandisi zilianguka pamoja nayo. Mteueni pia mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusitisha, na masharti yake yaandikwe mapema: kwa mfano, Dodoma ikiwa haijapokea muamala wa majaribio dakika 20 baada ya kukata, tunarudi. Na tarehe isiangukie siku za mishahara.

Mwisho, njia ya kurudi. Dodoma ikishakuwa kuu, hamna nakala popote mpaka ile ya Dar es Salaam iunganishwe upya ikiwa chini yake. Kama ilizimwa kwa kukatwa, ina maandishi ambayo Dodoma haiyajui, hivyo haiwezi kuungwa tu. `pg_rewind` huirudisha nyuma hadi pale njia zilipoachana, lakini inafanya kazi iwapo tu ukaguzi wa kurasa za hifadhidata ulikuwa umewashwa, au `wal_log_hints` ilikuwa imewashwa kabla ya ajali. Angalieni leo:

```sql
SHOW data_checksums;
SHOW wal_log_hints;
```

Zote mbili zikijibu `off`, mtalazimika kunakili hifadhidata nzima upya kupitia mtandao wa mikoani. Kuwasha `wal_log_hints` kunahitaji kuwasha upya seva, kwa hiyo ombeni muda wa matengenezo wiki moja kabla. Na kabla ya kuendesha `pg_rewind`, nakilini pembeni saraka ya data ya seva ya zamani. Miamala iliyobaki Dar es Salaam peke yake itafutwa na amri hiyo, na mhasibu atataka kuiona.